Usipande gari kufuata PDF mjini!

Mimi nipo hapa hapa Bukoba, na leo nakuletea kasheshe la mpwa wangu wa Nshamba, kule wilayani Muleba, aliyenusurika kukosa nafasi ya kazi kwa sababu ya herufi tatu tu.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, simu ikaita.

"Shikamoo anko. Anko, leo nimekwisha!"

Nikaitikia marahaba, nikamwambia apumue kwanza, halafu aseme. Kumbe anaomba kazi, na mwisho wa kutuma ni saa sita usiku ule ule. Mfumo unataka cheti chake na barua ya maombi aliyoisaini, vyote viwe PDF. Yeye kapiga picha kwa simu, kaingia kwenye jina la faili, kafuta `.jpg` kaandika `.pdf`. Mfumo ukagoma. Mtoto wa watu akawa anajiandaa kuwahi gari la mwisho aje Bukoba mjini, atafute steshenari ya kuskani. Sasa nauli ya kuja, nauli ya kurudi, na steshenari yenyewe angeikuta imefungwa!

Nikamwambia: mwanangu, kubadili jina ni sawa na kubandika nembo ya soda kwenye chupa ya rubisi. Nje inasomeka soda, lakini atakayeonja atajua. Ndani ya faili la PDF maandishi ya mwanzo kabisa ni `%PDF-`, na picha haina hayo. Mfumo unapochungulia ndani haukuti kitu unachokitafuta, unalitupa. Hata wewe unaweza kugundua: likifunguliwa na kisoma PDF, litaandika kwamba haliwezi kufunguka.

"Basi nipakue ile programu ya kubadilisha, anko?"

Hapana! Hapo ndipo vijana wengi tunapochemsha. Nyingi ya programu hizo zinakumwagia matangazo, nyingine zinapiga mhuri wa jina lao juu ya cheti chako, na nyingine zinapeleka faili lako kwenye mtambo wa mtu usiyemjua huko mbali. Leo ni cheti, kesho ni kitambulisho chenye namba yako ya NIDA. Ya nini, wakati mashine unayo mfukoni? Simu za Android zimekuwa na uwezo wa kuchapa tangu toleo la 4.4 la mwaka 2013, na ndani yake kuna printa ya bandia ambayo haitoi karatasi, inatoa PDF.

Nikampa hatua, naye akawa anafuata huku tunaongea.

Kwanza, apige picha upya. Cheti akilaze mezani karibu na dirisha, simu iwe juu yake moja kwa moja, isiinamie upande. Kivuli cha mkono kisiangukie maandishi. Kisha akate pembeni meza na kitambaa, ibaki karatasi tupu.

Pili, aifungue picha kwenye Google Photos, abonyeze vidoti vitatu, atafute neno `Print`. Kama simu iko kwa Kiswahili, atakuta `Chapisha`.

Tatu, na hapa ndipo penye siri, juu ya ukurasa unaofunguka kuna sehemu ya kuchagua printa. Abonyeze hapo achague `Save as PDF`. Wengi wakifika hapa wanarudi nyuma, wanasema "mimi sina printa". Huhitaji! Kwenye ukubwa wa karatasi achague `A4`, maana simu nyingine huja na `Letter`, ambayo ni karatasi ya Wamarekani. Aangalie na picha ndogo inayoonyeshwa: kingo za cheti zisiwe zimekatwa.

Nne, abonyeze kitufe chenye alama ya PDF, achague folda ya `Download`, aandike jina linaloeleweka, kisha `Save`. Kazi imekwisha, na bando halijaguswa.

Dakika chache baadaye akapiga tena. "Anko, cheti kimekubali! Barua imekataa, wanasema ni kubwa mno."

Hilo nalo lipo. PDF inayotoka kwa njia ya kuchapa inaweza kuwa nzito kuliko picha yenyewe, kwa sababu simu inaipanga picha upya bila kuibana sana. Tena barua yake ilikuwa kurasa mbili, na yeye kaifanya mafaili mawili wakati mfumo unataka moja. Dawa yake ni Google Drive, ambayo simu nyingi za Android huja nayo kutoka dukani. Ukiifungua kuna alama ya kamera ya kuskani, au unabonyeza alama ya kujumlisha kisha `Scan`. Unapiga ukurasa wa kwanza, unaongeza wa pili, unachagua rangi nyeusi na nyeupe, unahifadhi. Kurasa zote zinaingia kwenye PDF moja, na kwa kawaida inakuwa nyepesi. Ila njia hii inataka mtandao kidogo, maana faili linapanda Drive kwanza. Njia hii pia ndiyo mkombozi wa wenye simu ambazo neno `Print` halionekani kabisa.

Wewe wa iPhone usininunie. Fungua picha, bonyeza alama ya kutuma, chagua `Print`. Ukiona ile picha ya ukurasa, itanue kwa vidole viwili mpaka ijae skrini, bonyeza tena alama ya kutuma, kisha `Save to Files`. Hiyo tayari ni PDF.

Na kama unachotaka ni ujumbe, tuseme mwenye nyumba wako kakuandikia kwamba kodi kaipokea, piga picha ya skrini, tarehe na namba yake vionekane, halafu pita njia ile ile ya `Print`. Barua pepe ya Gmail haihitaji hata picha: vidoti vitatu vya ujumbe wenyewe vina `Print` ndani yake.

Kabla ya kutuma popote, lifungue faili ulilotengeneza, ulikuze, usome namba ya cheti. Usipoisoma wewe, hataisoma na wao. Na ukimtumia mtu WhatsApp ili akuchapie, tuma kama `Document`. Ukituma picha kama picha ya kawaida inabanwa, na herufi ndogo zinageuka ukungu.

Hili si la mpwa wangu peke yake. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanataka barua iliyosainiwa, na maombi yanapita kwenye Ajira Portal, si kwa bahasha. Saini ya kalamu lazima itoke kwenye karatasi iingie kwenye simu, na mlango wake ndio huo.

Saa tatu usiku ujumbe ukaingia: "Anko, nimetuma vyote. Wamejibu kwamba yamepokelewa." Kazi kama ataipata sijui, tunasubiri. Lakini nauli yake iko salama, na aliniahidi kwamba atainunulia senene aniletee. Nasubiri hizo pia.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa. Chao!