"Muamala Umesimamishwa" Haitoshi: Mteja Aambiwe Kanuni Iliyoguswa

Mwezi wa Oktoba ndio mwezi ambao wakulima wa majani chai wa KTDA husubiri bonasi. Mwaka wa hesabu wa viwanda hufungwa tarehe 30 Juni, kisha malipo ya pili hufuata miezi michache baadaye. Hapo ndipo pesa huanza kutembea kutoka benki na sako hadi kwenye simu, kuanzia Othaya na Tetu hadi Mathira na ng'ambo hadi Kirinyaga na Embu. Na huo pia ndio mwezi ambao muamala halali wa mkulima unaweza kufanana kabisa na muamala wa wakora. Msimamo wetu ni huu: muamala wako ukisimamishwa, hustahili kuambiwa tu kwamba umesimamishwa. Unafaa kuambiwa ni nini kimeshtua mfumo.

Kwanza tueleze kinachofanyika ukishabonyeza pini. Kabla pesa haijatoka, mfumo huuliza maswali kadhaa kwa muda mfupi sana. Je, laini hii imebadilishwa juzi? Pini imewekwa upya leo? Huyu anayetumiwa ni mgeni kwa mteja huyu? Kiasi hiki kimezidi kawaida yake? Kila swali ni kanuni, na kila kanuni ina alama zake. Jibu likiwa "ndiyo" tunasema kanuni imeguswa. Alama hujumlishwa, kisha kinatoka kiwango cha hatari: chini, wastani au juu. Cha chini kinapita bila wewe kujua. Cha wastani kinasubiri uthibitisho. Cha juu kinasimamishwa.

Tutumie alama za kufundishia tu, kwa sababu zile halisi hazitangazwi na kampuni yoyote yenye akili. Tuseme laini iliyobadilishwa ndani ya saa 72 ina alama 40. Pini iliyowekwa upya ndani ya saa 24 ina 20. Mpokeaji mpya ana 10. Kiasi kinachozidi mara 5 ya kawaida yako kina 20. Na pesa iliyoingia, kisha zaidi ya asilimia 80 ikatoka ndani ya saa mbili, ina 25. Chini ya 30 ni hatari ndogo, 30 hadi 59 ni wastani, 60 kwenda juu ni hatari kubwa.

Sasa tumchukue mkulima wa mfano kutoka Othaya. Kwa kawaida yeye hutuma kama shilingi 4,000 kwa mara moja. Saa nne asubuhi anahamisha shilingi 140,000 kutoka sako hadi kwenye simu. Anawalipa wachumaji wawili, mmoja 8,000 na mwingine 6,000. Anamlipa jirani 45,000 za ng'ombe wa maziwa. Kabla ya saa tano kufika, anamtumia muuzaji wa mabati wa Karatina 60,000, mtu ambaye hajawahi kumtumia pesa. Muamala huo wa mwisho unasimama. Kwenye skrini ya huduma kwa wateja, jibu la mfumo linaweza kuonekana hivi:

```
risk_level: MEDIUM
score: 55
rules: NEW_RECIPIENT, AMOUNT_SPIKE, FAST_IN_OUT
```

Mpokeaji ni mpya, 10. Kiasi kimezidi kawaida, 20. Pesa imeingia na kutoka haraka, 25. Ukijumlisha, katika 140,000 zilizoingia, 119,000 zingekuwa zimeondoka, yaani asilimia 85. Hakuna kosa lolote hapo. Mama amepata bonasi na ana shughuli zake.

Siku hiyohiyo, mahali pengine, muamala wa shilingi 9,500 unajaribiwa. Laini imehamishiwa kadi mpya asubuhi, pini imewekwa upya saa moja baadaye, na mpokeaji ni mgeni. Hapo tuna 40, 20 na 10, jumla 70. Hatari kubwa. Kumbe elfu tisa na mia tano inaweza kutisha kuliko elfu sitini! Wengi wetu hudhani mfumo unaogopa pesa nyingi. Kiasi ni alama moja tu kati ya nyingi. Kinachotisha zaidi ni dalili kwamba anayebonyeza simu huenda si wewe.

Kuna mfano wa tatu, na huu ndio unaotufanya tuandike makala hii. Fikiria laini ambayo imepokea shilingi 40,000, kisha ndani ya saa moja karibu zote zinatumwa kwa mtu mpya. Pengine ni kijana ambaye ameahidiwa kitu kidogo ili wakora wapitishie pesa za wizi kwake. Mpokeaji mpya, kiasi si cha kawaida, pesa kuingia na kutoka haraka. Alama ni 55. Kanuni ni zilezile tatu. Ukitazama neno "wastani" peke yake, mkulima wa Othaya na mpitishaji wa pesa za wizi ni mtu mmoja.

Tofauti yao iko kwenye swali ambalo kanuni iliyoguswa inamlazimu mtu kuuliza: pesa imetoka wapi? Ya mkulima imetoka kwenye sako moja, kwa jina lake mwenyewe. Ya yule kijana imetoka kwa watu kumi hivi wasiojuana, kila mmoja akituma kidogo. Mhudumu akiona kanuni, atajua aulize nini, na swali moja linaweza kumaliza mambo. Akiona neno "wastani" tu, atabaki kusema, "Subiri saa 24." Wakati huo mabati yamepakiwa kwenye pikapu Karatina na muuzaji anadai pesa yake.

Ndiyo maana tunasema ujumbe kwa mteja ubadilike pia. "Muamala wako umesimamishwa, wasiliana nasi" haumsaidii mtu. Ujumbe mzuri ungesema: "Tumesimamisha kwa muda 60,000 unazotuma. Kiasi ni kikubwa kuliko kawaida yako na hujawahi kumtumia mtu huyu. Kama ni wewe, thibitisha jina lake kisha utupigie." Hapo mkulima anajua si adhabu, na anajua la kufanya. Na kama alikuwa anatapeliwa, sentensi ile ya "hujawahi kumtumia mtu huyu" inampa nafasi ya kushtuka kabla pesa haijaenda.

Wapo watakaosema tunawafundisha wakora. Hoja hiyo ina uzito, na jibu letu ni kwamba kuna mambo matatu ya kuchunga. La kwanza, mteja aambiwe aina ya kanuni, asiambiwe kipimo chake. Kusema "kiasi si cha kawaida yako" hakumsaidii mwizi. Kusema "umezidi mara 5" kunamfundisha atume mara 4.

La pili, sababu isitumwe mahali ambapo mwizi ndiye anayeisoma. Laini ikishahamishwa, ujumbe wowote wa maandishi unaingia kwenye simu ya mwizi. Kumtumia "tumeona laini yako imebadilishwa" ni kumpa taarifa yeye, huku mwenyewe ameshika simu isiyo na mtandao. Katika hali hiyo, mazungumzo yahamie kwenye namba mbadala uliyoiandikisha, au dukani ukiwa na kitambulisho. Nawe simu yako ikipoteza mtandao ghafla na jirani aliye na laini ya kampuni ileile bado ana mtandao, usingoje kesho. Azima simu, piga huduma kwa wateja, uliza kama laini yako imebadilishwa.

La tatu ni sheria. Sheria ya kupambana na utakatishaji wa pesa ya mwaka 2009 inakataza kumdokezea mtu kwamba ameripotiwa kwa mamlaka. Kwa hivyo ziko kesi chache ambazo mhudumu hawezi kukueleza kila kitu hata angependa. Lakini kesi hizo zisigeuzwe kuwa kisingizio cha kuwanyamazia wateja wote. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inampa Mkenya haki ya kutowekwa chini ya uamuzi wa mashine peke yake pale uamuzi huo unapomwathiri sana. Unaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya. Na mtu ataangaliaje upya kitu ambacho hakikuandikiwa sababu?

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu mfumo hukosea watu wema wengi zaidi ya wakora unaowanasa. Si uzembe, ni hesabu. Chukua mfano wa miamala 100,000 ambayo 50 tu kati yake ni ya ulaghai. Tuseme kanuni zinanasa 40 kati ya hiyo 50, na kwa upande mwingine zinagusa kimakosa asilimia 2 tu ya miamala mizuri. Asilimia 2 ya karibu laki moja ni kama 2,000. Basi katika kila miamala 51 inayosimamishwa, mmoja tu ndio wa wizi. Wale 50 wengine ni watu kama mkulima wetu. Ukilegeza kanuni, utawaacha wakora wapite. Ukizikaza, utawasumbua wengi zaidi. Kinachobaki mikononi mwetu ni namna tunavyowatendea hao 50.

Tuwe wakweli pia kuhusu kile ambacho kanuni hazioni. Mtu akikupigia akijifanya amekutumia pesa kimakosa, nawe ukamrudishia, laini ni yako, simu ni yako, pini umeiweka wewe. Kanuni za laini na pini hazitaguswa. Itaguswa ya mpokeaji mpya tu, alama 10, na pesa itapita. Ulinzi unaobaki ni kutazama upande wa pili, kama namba hiyo inapokea pesa kutoka kwa wageni wengi ndani ya muda mfupi. Mhasiriwa wa kwanza hulindwi na kanuni hiyo, maana wageni wengi bado hawajatuma. Kwa hivyo angalia salio lako mwenyewe, usisome ule ujumbe uliotumiwa. Salio halijapanda? Basi hakuna pesa ya kurudisha.

Muamala wako ukisimamishwa msimu huu wa bonasi, uliza maswali matatu na uandike majibu. Ni kanuni gani imeguswa? Mnahitaji nini kutoka kwangu ili iondolewe? Ni nani ataangalia, na lini? Mhudumu wa kweli hatakuuliza pini hata mara moja katika mazungumzo hayo. Anayeuliza pini, kata simu. Na mhudumu wa kweli asiyeweza kujibu hata swali moja kati ya hayo matatu, mwombe akupeleke kwa mkubwa wake.