Akimbiaye Soko Huikosa Siku ya Neema

Kila mara bei za hisa ziangukapo, husikika shauri lile lile: “Uza leo, kaa na fedha zako, nawe urudi mambo yakitulia.” Shauri hili lina sura ya busara, na wengi hulifuata. Lakini humtaka mtu apatie mara mbili: siku ya kutoka na siku ya kurudi. Hata yule apatiaye mara sita katika kila kumi, nafasi yake ya kupatia yote mawili haifiki mara nne katika kumi. Na katika hayo mawili, gumu zaidi ni kurudi.

Tutazame yaliyotokea katika soko la hisa la Marekani mwaka 2020. Kipimo kijulikanacho kwa jina la S&P 500, ambacho hukusanya bei za makampuni makubwa yapatayo mia tano, kilifikia kilele tarehe 19 Februari kwa kufunga siku katika 3,386. Kisha maradhi ya Korona yakaenea, na kufikia tarehe 12 Machi kipimo kilikuwa 2,481. Siku hiyo peke yake kilianguka kwa asilimia 9.5.

Tuseme mtu alikuwa na hisa za dola 10,000 siku ya kilele. Jioni ya tarehe 12 Machi zimebaki dola 7,326, naye kwa hofu auza zote. Kwa siku chache aonekana mwenye hekima, kwani tarehe 23 Machi kipimo kilishuka hadi 2,237. Hapo angaliweza kununua kwa bei iliyo chini ya ile aliyouzia kwa karibu asilimia 10. Je, alinunua? Hakununua. Idadi ya wagonjwa ilikuwa ikizidi, viwanda vimefungwa, na kila gazeti lilitangaza mabaya zaidi. Aliyeuza kwa sababu ya habari mbaya hawezi kupata sababu ya kununua habari zikiwa mbaya zaidi.

Lakini soko halingoji habari njema. Tarehe 23 Machi Benki Kuu ya Marekani ilitangaza kwamba itanunua hati za deni la Serikali kwa kiasi chochote kitakachohitajika. Kesho yake kipimo kilipanda kwa asilimia 9.4, na tarehe 26 kikapanda tena kwa asilimia 6.2. Mtu wetu alidhani ni mwako wa siku moja, akangoja. Tarehe 8 Aprili akarudi, kipimo kikiwa 2,750, yaani ghali kuliko alivyouza kwa karibu asilimia 11. Tarehe 18 Agosti kilele cha Februari kilipopitwa, alikuwa na dola 9,030. Jirani yake ambaye hakugusa kitu alikuwa na dola 10,011. Wala hapa hatukuhesabu ujira wa dalali, kodi, wala gawio.

Hapana budi tuseme pia upande wa pili. Makampuni yapatayo ada kwa kuwekewa fedha za watu hupenda kutangaza hasara ya kuzikosa siku kumi zilizo bora. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini ni nusu ya habari, kwani aliyeweza kuziepuka siku kumi mbaya kabisa angalifaidi zaidi. Tatizo ni kwamba siku hizo ni majirani. Tarehe 12 Machi soko lilianguka kwa asilimia 9.5, tarehe 13 likapanda kwa 9.3, lilipofunguliwa tena tarehe 16 likaanguka kwa 12. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2008 pia: tarehe 13 Oktoba lilipanda kwa asilimia 11.6, na siku mbili baadaye likaanguka kwa 9. Hakuna mlango umwezeshao mtu kuikwepa mbaya na kuidaka njema.

Wala hatusemi kwamba kukaa ni salama daima. Kipimo cha Nikkei cha Japani kilifikia kilele mwishoni mwa mwaka 1989, na hakikukipita kilele hicho mpaka Februari 2024. Aliyeweka mali yake yote katika nchi moja, au katika kampuni moja, hatakombolewa na subira peke yake.

Basi swali la haki si lini tutoke sokoni, bali ni fedha zipi ziingie humo. Fedha za karo ya mwakani, za matibabu, au za kumalizia nyumba, hazina haki ya kuwa katika hisa, maana mwenyewe atalazimika kuziuza siku yoyote atakapozihitaji, hata ikiwa ni tarehe 23 Machi. Zile zisizohitajika kwa miaka mingi na zigawanywe katika makampuni na nchi nyingi, kisha ziachwe. Uamuzi huo hufanywa soko likiwa limetulia. Aungojaye mpaka siku ya hofu huuza kwa bei ya hofu, na hununua kwa bei ya matumaini.