Kabla hujanunua siagi ya karanga ya chupa

Mama mmoja mtaani anauza siagi ya karanga kwenye chupa zilizoandikwa "400 ml". Jirani yake anauza chupa za "gramu 400", kwa bei ileile. Wazazi wengi huchukua yoyote, wakidhani ni sawa. Si sawa. Mililita hupima nafasi, gramu hupima uzito. Siagi ya karanga ni nzito kidogo kuliko maji, hivyo chupa ya mililita 400 iliyojaa vizuri hubeba zaidi kidogo ya gramu 400. Lakini ikiwa imejazwa juujuu na mna mapengo ya hewa, unapungukiwa bila kujua. Kama muuzaji ana mzani, omba apime chupa iliyojaa na chupa tupu ya aina ileile. Ikijaa iwe gramu 620 na tupu gramu 210, umepata siagi gramu 410. Mafuta ya kula ni kinyume: ni mepesi kuliko maji, na lita moja ina uzito wa gramu 920 hivi.

Kipimo kinalinda mfuko wako. Afya ya mtoto inalindwa na namna karanga zilivyochambuliwa. Karanga zilizonyauka, zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zilizoota ukungu ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu na inayoharibu ini. Haina harufu wala ladha, na kukaanga hakuiondoi yote. Karanga mbovu zikishasagwa, hakuna jicho litakaloziona.

Kwa hiyo muulize mtengenezaji: "Dada, unachambua mara ngapi?" Anayejua kazi yake atakwambia huchambua mara mbili: kabla ya kukaanga, halafu tena baada ya kumenya maganda, kwa sababu karanga yenye kasoro huonekana vizuri zaidi ikiwa imemenywa. Akisema hununua zilizokwisha kukaangwa na kupeleka moja kwa moja mashineni, tafuta kwingine.

Swali la pili ni maji. Siagi nzuri hulainika kwa mafuta ya karanga zenyewe. Ikiongezwa maji, au ikimiminwa kwenye chupa iliyooshwa lakini haijakauka, kuvu hupata pa kuotea. Chupa ikaushwe kabisa, na mashine isafishwe mabaki ya jana, maana huchacha na kuharibu siagi mpya.

Nyumbani, ukikuta mafuta yameelea juu, usiogope. Koroga kwa kijiko kikavu. Ikinuka kama mafuta ya zamani au ikiwa chungu, imechacha. Ukiona ukungu, usikwangue juu na kumpa mtoto iliyobaki chini. Tupa chupa nzima.

Na siagi isiyo na tarehe ya kutengenezwa? Omba iandikwe mbele yako. Anayesita kuiandika amekujibu.