Acheni Kuwanyoa Mashosho Wetu

Kosa la kwanza ni langu, kwa hivyo wacha nianze nalo. Mama mmoja aliniletea picha ya mamake marehemu ili nitengeneze programu ya mazishi. Picha ilipigwa kwa simu kwenye arusi. Shosho amesimama mbele ya hema jeupe, hana kitambaa, nywele zake za mvi zimechanwa zikasimama. Familia ilitaka hema litoke, nyuma pawekwe zambarau iliyokolea.

Nilikaa na tableti na kalamu yake karibu masaa matatu. Nilizumu hadi asilimia 800, nikazunguka kichwa polepole kama mtu anayepita kando ya shimo. Ukingo ukatoka laini kama yai. Nikajipongeza.

Mama akaangalia, akanyamaza, halafu akaniambia, "Kijana wangu, hiyo sura ni ya mama. Lakini hizo nywele umezitoa wapi?"

Nilikuwa nimemnyoa. Na nikiangalia programu za mazishi na mabango ya mitaani, naona siko peke yangu. Tumejaza mji huu watu wenye vichwa vya mayai, na kazi hiyo tunaiita safi. Mimi nasema si safi. Ni uvivu wa macho uliojificha nyuma ya bidii ya mkono.

Tuelewane kwanza kuhusu maski. Maski ni picha ya pili, ya nyeusi na nyeupe, iliyobandikwa kwenye leya yako. Ukipaka nyeupe, picha inaonekana. Ukipaka nyeusi, inafichika. Ukipaka kijivu, inaonekana nusunusu. Haifuti kitu, na ndiyo maana ni bora kuliko kifutio. Lakini kijivu kikikaa mahali kisipotakiwa, kitakuaibisha.

Sasa hiyo zumu. Skrini yangu ina upana wa pikseli 1920. Kwa asilimia 800, naona pikseli 240 tu za picha. Shosho, kutoka bega hadi bega, alikuwa na pikseli kama 1900. Yaani nilikuwa nachora mtu nikiona sehemu ndogo kuliko miwani yake. Tena kwenye karatasi angekuwa na upana wa sentimita 8, ambazo kwa uchapishaji wa nukta 300 kwa inchi ni kama pikseli 945. Nusu ya nilichokuwa nahangaikia ingemezwa kabla wino haujakauka.

Hasara kubwa si muda hata. Ukikaribia hivyo, mstari mmoja wa bega unakuwa vipande hamsini vya mistari mifupi, kila kimoja kikianza na kuisha kivyake. Ukirudi nyuma unakuta bega lina mabonde na vilima. Mkono unachora mkunjo mrefu vizuri ukitokea kwenye kiwiko, si kwenye vidole. Kwa hivyo napaka kwa asilimia 100 hadi 200. Nazungusha turubai kwa kitufe cha `R` hadi mkunjo ufuate njia ya mkono wangu, kisha nauvuta kwa pumzi moja. Kila baada ya dakika chache narudi asilimia 100 kuamua. Zumu ya karibu ni ya kurekebisha kidoa. Hukumu haitolewi huko.

Kosa la pili liko kwenye mkazo wa kalamu. Wengi wetu tunaacha mkazo uongoze ukolezo wa rangi, manake inahisi kama penseli halisi. Kwa kuchora, sawa. Kwenye ukingo wa maski, hapana. Mkono ukilegea kidogo, nyeusi yako inatua kwa asilimia 70, na asilimia 30 ya hema inabaki. Juu ya rangi nyeupe huioni kabisa. Weka zambarau, na shosho anazungukwa na ukungu kama malaika wa kalenda.

Kwa hivyo kwenye mabega, nguo na shingo, mkazo uongoze ukubwa wa brashi, basi. Kwenye Photoshop naenda `Brush Settings`, nawasha `Pen Pressure` chini ya `Shape Dynamics`, naizima chini ya `Transfer`, halafu naweka `Opacity` na `Flow` 100. Angalia pia vile vitufe viwili vya mkazo kwenye upau wa juu, vinaweza kupindua ulichopanga. Ugumu wa brashi nauanzia asilimia 80. Bega likiwa na ukungu wa kamera naushusha hadi 30, kwa sababu ukingo wa maski unapaswa kulingana na ukali wa picha yenyewe. Ukingo wa wembe juu ya bega lenye ukungu ndio unaofanya mtu aonekane amekatwa kwa makasi.

Kalamu yenyewe uipime. Chora mstari mmoja ukianza kwa kugusa tu na kumalizia kwa kukaza. Ukinenepa tangu mwanzo, kalamu ni nyepesi mno, kwa hivyo nenda kwenye mipangilio ya tableti uifanye ngumu kidogo. Ukikaa mwembamba halafu ukalipuka mwishoni, ilegeze. Mkono ukiuma baada ya nusu saa, usilaumu mkono.

Mkazo wa ukolezo una mahali pake pamoja tu, nywele. Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Masomo mengi niliyofuata yalinifundisha kuvuta nyuzi ndefu kwenda nje, unywele mmoja baada ya mwingine. Hizo ni nywele zinazoanguka. Za shosho hazianguki, zinajikunja. Ukingo wake ni vifundo na matundu madogo yanayopitisha mwanga. Ukivuta nyuzi, unampa wigi. Ukifuata mstari, unampa yai.

Nilivyorudia kazi, niliacha ukanda wa upana wa kidole kuzunguka kichwa bila kuugusa. Kisha nikachukua brashi ndogo isiyo ya duara kamili, `Flow` 15, mkazo ukiongoza ukolezo, nikadona. Si kuvuta, kudona, kama mtu anayetia chumvi. Nyeusi kwenye matundu, kisha `X` kubadili rangi, nyeupe kurudisha vifundo nilivyokula. Ndani ya nywele bado kulikuwa na weupe wa hema, na huo maski haiwezi kuutoa, kwa sababu uko kwenye pikseli za nywele zenyewe. Niliongeza leya iliyofungwa juu yake, nikapaka kijivu nilichokichota katikati ya kichwa, kwa wepesi. Kazi yote, dakika arobaini.

Kabla ya kupeleka, nashika `Alt` na kubofya kijipicha cha maski. Skrini inabaki nyeusi na nyeupe tupu. Kijivu kikionekana kwenye bega, hilo ni kosa. Kisipoonekana kabisa kwenye nywele, nimemnyoa tena.

Najua jibu lenu. Mteja halipi hivyo, mteja hajui tofauti. Kulipa, ni kweli hatulipwi vizuri, lakini njia hii ilinichukua chini ya robo ya muda wa ile mbaya. Na kuhusu kujua, yule mama hakujua maski ni nini wala zumu ni nini. Alijua kichwa alichokichana kila Jumapili asubuhi.

Prufu ya pili aliishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole juu ya nywele kana kwamba karatasi ingekwaruza. Akasema, "Haya. Chapisha."