Mugeni mu Kolwezi: jina likuwe lako, na siku zihesabiwe

Watu wanaendelea kufika Kolwezi kutoka Kasai na pengine, wengi bila karti ya elekteri, ao yao ilipotea njiani. Hawawezi kuchimba kwa sheria mara moja. Kode ya mines inataka karti ya mchimbaji, na wanaipata tu Wakongomani wakubwa walio ndani ya koperative inayotambulikana. Lakini tumbo haliongoje karti. Njo maana mugeni anaanza na kazi ya pembeni: kubeba mifuko, kuosha mawe, ao kibarua cha siku kwa siku mu kampuni ya sutretansi. Siye wa sendika tunapenda kusema juu ya hiyo ya mwisho, kwani iko na haki ambayo wengi hawaijue.

Kubeba na kuosha kunalipa mangaribi ileile, njo uzuri wake. Makuta inapatikana, lakini hakuna kinachobaki kuonyesha ulitumika. Kuingia mu timu ya shimo ni hatari zaidi: mwenye kukopesha chakula na vyombo anarudishiwa kwanza, na wengine wanangoja mawe yauzwe. Tangu serikali ilisimamisha kupeleka kobalti inje mu Februari 2025, kisha ikaweka kipimo kwa kila kampuni tangu Oktoba, kungoja huko kunaweza kuwa kurefu. Mugeni asiye na jamaa wa kumulisha hawezi kukuvumilia.

Mu kibarua, kapita anakuita asubui na anakulipa kwa siku. Hakuna kontra ya kuandika, na sheria haiikatae kwa kazi ya siku moja. Lakini kifungu cha 40 cha Kode ya kazi ya 2002 kinasema hivi: ukiisha kutumika siku 22 ndani ya miezi miwili, na wakakuita tena mbele hiyo miezi miwili haijaisha, kazi hiyo mpya inahesabiwa kuwa ya daima. Haujakuwa tena mutu wa kufukuzwa kwa neno moja mulangoni.

Tuchukue mufano. Kijana anaanza tarehe 3 Machi. Anatumika siku 17, kisha kapita anamwambia: "Rudia nyumba, tutakuita." Anaitwa tarehe 14 Aprili, anatumika siku 5. Sasa iko na 22. Wakimuita tena mbele ya mwanzo wa Mei, sheria inamuhesabu kama mutumishi wa daima. Siku si lazima zifuatane. Kwa sababu hiyo kapita mwingine anasimamisha watu wakifika siku 20 ao 21, halafu anawaacha hadi miezi miwili inapita. Ukiona wenzako wote wanasimamishwa kwa hesabu ileile, ujue si bahati mbaya.

Kuna mutego mukubwa zaidi. Kwa kuwa mugeni hana karti, kapita anamuandika kwa jina la mutu mwingine mwenye karti, na huyo anakata sehemu yake kila siku. Kijana anaona ni musaada. Lakini siku zote 22 zinaingia kwa jina la mwingine. Na jiwe likimuangukia, karatasi itaonyesha kwamba yeye hakukuwa pale. Bibi yake akienda kuuliza haki ya ajali, ataanza na kushuhudia kwamba bwana alikuwa anatumika. Afazali kubeba mifuko mwezi moja kuliko kutumika kwa jina la mwingine.

Kwa hiyo wiki ya kwanza mugeni aende ku komini kuomba atestasio ya kupoteza karti, hata kama itakula siku nzima ya kazi. Ile karatasi inabeba jina lake, na kapita anaweza kumuandika nayo. Kisha anunue kaye ndogo. Kila mangaribi aandike tarehe, mahali, jina la kapita, jina la kampuni iliyo ku kofia ao ku gari, makuta aliyolipwa, na jina la mwenzake moja aliyetumika naye. Akilipwa kwa simu, asifute ujumbe.

Jina la kampuni ni la lazima, kwani siku zinahesabiwa kwa bwana-kazi mumoja. Sutretansi ikibadilisha jina kila wiki, hesabu inaweza kukatika, na hapo kaye pekee haitatosha; inafaa washahidi waseme kwamba kapita, kazi na mahali vilibaki vilevile.

Ukikatazwa haki, unaanza kwa inspekteri wa kazi, kwani tribinali haipokee mambo ya kazi mbele yeye hajajaribu kupatanisha. Ukuje na kaye, atestasio na washahidi wawili. Na ukuje haraka, wenzako wakingali mu Kolwezi, kwani wao pia ni wageni na kesho wanaweza kuwa Likasi.