Usianze na "mbona"

Wengi wetu katika chama hiki tuna mtu mmoja ng'ambo ambaye ndiye anayetuchangamshia Kiswahili. Wangu ni dada, binti wa mjomba, anakaa Unguja. Majuzi mazungumzo yetu kwenye simu yalinyamaza siku sita, nami nikakaa na simu mkononi nyumbani hapa Qurum nikitafuta pa kuanzia.

Nilichoandika kwanza ni "Mbona kimya?" Nikakifuta. Walimu wetu watanirekebisha, lakini mimi naona "mbona" na "kwa nini" si ndugu wa karibu kama tunavyofundishana. "Kwa nini" linauliza sababu tu. "Mbona" linauliza sababu na papo hapo linasema kwamba mambo hayakutakiwa kuwa hivyo. Anayeulizwa inambidi ajitetee kwanza ndipo asalimie.

Nikajaribu "Umenisusa?" Kwa bibi yangu neno hilo ni utani mtupu, tena hulitoa huku anacheka na kukushika mkono. Lakini kwenye maandishi kicheko hakionekani, na linabaki kama deni. Nikaandika la tatu, "Samahani nakusumbua, najua uko bize." Hili ndilo baya kuliko yote, kwa maoni yangu, maana linamlazimisha mwenzio akubembeleze: "Hapana, hunisumbui." Umemtwika kazi hata hajakaa.

Ndipo nikapandisha juu kusoma tulipoachia. Alikuwa amenieleza kisa kirefu cha mtihani wake, aya tatu nzima. Mimi nikamjibu "Haya." Basi! Kwetu "haya" hufunga mlango. Ndilo neno tunaloagania. Nilikuwa nahesabu siku alizoninyamazia, kumbe niliyefunga ni mimi. Tangu hapo naamini kwamba kabla ya kuandika lolote inafaa kutazama nani alisema la mwisho, na kama lilikuwa na swali ndani yake.

Wazee wetu walioandikiana barua kati ya Maskati na Unguja walikuwa na njia yao. Barua ilianza kwa salamu, ikafuata kwamba mimi mzima, hofu ni kwako tu, kisha ikaingia kwenye habari. Barua ilikawia njiani, kwa hivyo kimya cha wiki nyingi hakikuhitaji maelezo. Sisi ujumbe unafika papo hapo, na ndiyo maana kila saa ya kimya tunaitafutia maana. Si lazima kurudisha maneno yao yote, lakini mpangilio ule naupenda: salamu, kisha habari, na kimya hakitajwi kabisa.

Jumamosi jioni nikapita kando ya hifadhi ya Qurum, pale penye mikoko. Jina lenyewe la mtaa wetu latokana na Kiarabu, qurm, na ndio mti huo huo. Nikapiga picha moja, nikaandika: "Dada, hujambo? Nimepita hapa nikakukumbuka. Hii ni mikoko kama ya kwenu? Na ule mtihani uliishia vipi?"

Nilikusudia maswali mawili. La mti linajibika kwa neno moja akiwa amechoka. La mtihani linamwonyesha kwamba aya zake tatu nilizisoma, ingawa nilijibu kivivu. "Nikakukumbuka" linatosha kusema nimemkosa. Ukiongeza "sana" mara tatu na nyuso za kulia, unarudi kule kule kwenye kubembelezwa.

Njia hii ina mipaka yake. Mtu akinyamaza ghafla naye si kawaida yake, huenda yuko kwenye msiba au uuguzi, na picha ya miti itamwumiza. Hapo uliza kwanza kwa mtu wa nyumbani kwao. Na kwa mkubwa wako mambo ni mengine: kimya daima ni chako hata kama yeye ndiye asiyejibu. "Shikamoo bibi, nimekawia kukujulia hali." Huko si kujidhalilisha, ni adabu, na unaposema hivyo wala hakuna anayekudai sababu. Na asiyejibu hata mara ya pili, mimi simwandikii ya tatu. Nasubiri, kisha nampigia.

Dada alijibu usiku ule ule. "Huo si mkoko, huo mchu. Tazama mizizi, inachomoza kama penseli. Mkoko wenyewe miguu yake kama buibui." Kisha akaleta ujumbe wa sauti wa dakika nne. Mtihani amefaulu.