Aliyeuliza akinyamaza, mpe sehemu uliyohakikisha

Miaka miwili iliyopita, wakati wa msimu wa mvua, msomaji mmoja alitutumia picha kwa WhatsApp saa nne asubuhi. Ilionyesha maji ya rangi ya udongo yakipita katikati ya nyumba. Chini yake aliandika maneno matatu tu: «Ni Uvira leo?»

Nilimwuliza maswali matano: nani alikutumia, lini, ni mtaa gani, kuna video, na unataka kujua kwa sababu gani? Hakujibu, hata siku iliyofuata. Wenzangu wawili walisema tuache, kwani asiyejibu hana haja. Sikukubaliana nao, na hadi leo sikubaliani.

Hapa kwetu, kunyamaza hakuna maana moja. Huenda unite zimeisha, simu ni ya jirani, au mtu ameshapanda gari. Aliyeuliza kuhusu maji ya Uvira huenda ana mama yake kule, au anataka kusafiri kutoka Bukavu siku hiyohiyo. Ukingoja akueleze kila kitu, jibu litafika wakati halina faida tena.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Maswali matano ni mzigo. Siku hizi nauliza moja, lile ambalo jibu lake lingebadilisha kazi yangu, na naliandika ili lijibiwe kwa neno moja: «Ndugu, unataka kujua kuhusu picha, ao kuhusu hali ya Uvira leo?» Nangoja saa moja huku nikiendelea na kazi. Baada ya hapo natuma nilicho nacho.

Nilikuwa na nini siku ile? Picha ilikuwa na alama ya mishale miwili, maana yake ilikuwa imetumwa tena na tena kabla ya kutufikia. Tarehe ya kamera haikuwemo, kwa sababu WhatsApp huiondoa inapopunguza uzito wa picha. Basi niliitafuta picha hiyohiyo kwenye mtandao kwa Google Lens. Nikaiona kwenye ukurasa mmoja wa Aprili 2020, mwezi ambao mto Mulongwe ulifurika na kubomoa nyumba nyingi za Uvira.

Hapo lazima tuwe waangalifu. Tarehe ya ukurasa haisemi picha ilipigwa lini. Inasema tu kwamba haikupigwa baada ya siku hiyo. Lakini hilo linatosha kusema kwamba si ya leo, na kwa hilo sikuhitaji jibu la msomaji.

Kosa la pili, ambalo ni baya zaidi, lingekuwa kuandika «Ni uongo» na kufunga kazi. Picha ya zamani haimaanishi kwamba leo hakuna mafuriko. Mtu anaweza kuchukua picha ya zamani na kueleza kwayo jambo ambalo ni la kweli. Kama ningeandika uongo, na mto ukawa umepanda kweli, mtu angelala ndani ya nyumba yake kwa kutuamini sisi.

Basi niliwapigia simu wakaaji wawili wa Uvira. Mmoja tu alipokea, naye aliishi mbali na mto. Alisema mvua ilinyesha usiku, lakini kwake hakuona maji. Niliandika hivi:

«Ndugu, picha si ya leo, ilikuwa kwenye mtandao tangu Aprili 2020. Kuhusu hali ya leo, mkaaji mmoja anayeishi mbali na Mulongwe ametuambia saa tano kwamba mvua ilinyesha usiku, ila kwake hakuna mafuriko. Kando ya mto hatujapata mtu. Kama una ndugu kule, mpigie kwanza. Ukitutumia jina la mtaa, tutatafuta tena.»

Jibu hilo halikuwa kamili, lakini lilikuwa na faida. Lilitanguliza kilicho hakika, likasema wazi kilichobaki, likaonyesha la kufanya wakati huo, na likaacha mlango wazi. Saa iliwekwa kwa sababu habari ya mto huzeeka haraka.

Njia hii ina mpaka. Google Lens isipoonyesha kitu, huwezi kusema picha ni mpya. Huenda hakuna aliyewahi kuiweka mahali ambapo mtandao unatafuta. Hapo sehemu uliyo nayo ni ile ya simu tu, na useme hivyo.

Yule msomaji hakuandika tena. Sijui kama alisafiri. Lakini baada ya dakika chache niliona alama mbili za buluu: alikuwa amesoma.